Akisema "tubaki marafiki": namna ya kumjibu kwa staha

Umeshamweleza ya moyoni na jibu limerudi: anakuheshimu, anakuchukulia kama ndugu, anaomba mbaki marafiki. Mwongozo huu unahusu kitu kimoja tu, nacho ni jibu unalompa baada ya hapo. Sitaeleza namna ya kumbadilisha mawazo wala namna ya kumsahau. Nitaeleza yale maneno machache unayomrudishia, kwa simu au ana kwa ana, na siku chache zinazofuata, kwa sababu ndizo zinazoonyesha kama maneno yale yalikuwa ya kweli.

Naandika nikiwa Tanga mjini, na mji wenyewe unalipa jambo hili uzito. Ngamiani barabara zinaitwa kwa namba, na mtu unayemkwepa barabara ya 8 utakutana naye barabara ya 12 akiwa juu ya baiskeli, au Soko la Mgandini akichagua nazi. Mama yako na shangazi yake huenda wako kikoba kimoja. Kwa hiyo jibu baya halibaki kwenye simu mbili, linaingia kwenye salamu, kwenye shughuli, kwenye misiba. Jibu zuri nalo linaingia humo humo.

Nitakifuata kisa kimoja tangu mwanzo. Mwenyewe ameniruhusu kukitumia ilimradi nisitaje majina. Ni kijana wa Makorora, fundi umeme wa majumbani, mwenye miaka 29. Dada anauza kwenye duka la dawa Ngamiani. Walikutana kwenye kamati ya harusi ya rafiki yao: dada mweka hazina, kijana msimamizi wa muziki na taa. Wakazoeana, wakawa wanaitana "mjumbe" kwa utani. Ijumaa moja baada ya kikao kijana alimsindikiza hadi kwenye bajaji, akamwambia kwamba amempenda na angependa kupajua kwao kwa nia ya ndoa. Dada akaomba muda afikiri. Kesho yake saa 3 usiku akaandika:

> Mjumbe, habari za jioni. Nimeyafikiria uliyoniambia jana. Nakuheshimu sana na nashukuru umeniambia kistaarabu. Lakini nikiwa mkweli, nakuchukulia kama rafiki na kaka, na sioni kama itakuwa zaidi ya hapo. Naomba tuendelee kama tulivyokuwa. Samahani kama nimekuumiza.

## Hatua ya 1: Soma alichoandika, usisome unachotamani

Mtu aliyeumia hutafuta upenyo kwenye kila neno. Kijana wetu aliishika ile "samahani" akaniambia, "Kama hanitaki kabisa, mbona anaomba msamaha?" Anaomba msamaha kwa sababu ana adabu na hapendi kumuumiza mtu. Hakuna zaidi ya hapo. Neno lenye jibu ni "sioni kama itakuwa zaidi ya hapo", na liko wazi.

Wapo wanaojibu kwa maneno laini zaidi: "kwa sasa sijajipanga", "nina mambo mengi", "acha kwanza nimalize chuo". Haya nayo yachukulie kama hapana. Si kwamba kila anayesema hivyo amekataa moja kwa moja, lakini kama kuna siku atabadilika, kuja kusema ni kazi yake. Ukijibu kana kwamba amesema "bado", unamlazimisha akukatae mara ya pili, na safari hii atalazimika kutumia maneno makali kuliko aliyoyachagua mwanzo.

Wazee wamesema akufukuzaye hakwambii toka. Wengi hukataliwa kwa ukimya: simu hazipokelewi, ujumbe unasomwa haujibiwi, na mtu anaishi miezi akikisia. Huyu aliyekaa chini akakuandikia sentensi sita amekuondolea adha hiyo, na jibu lako lianzie kwenye kulitambua hilo.

## Hatua ya 2: Usijibu papo hapo, wala usilaze siku mbili

Kama jibu limekuja kwa ujumbe, jipe saa moja au mbili. Likiingia usiku sana, asubuhi inatosha. Ukijibu ndani ya dakika ileile utaandika kwa kidonda. Ukikaa siku mbili bila neno, na yeye anaona umeshasoma, ataanza kuhesabu kwamba umenuna, na hata ukija na maneno mazuri yatamkuta ameshajikunja.

Kuna jambo la simu ambalo wengi hawalifikirii. Ukiandika kwenye uwanja wa WhatsApp wenyewe, upande wake panaonekana kwamba unaandika. Akikuona unaandika, unaacha, unaanza tena, na mwishoni linakuja neno moja tu, atajua umeandika mengi ukayafuta. Andika pembeni, kwenye sehemu ya kumbukumbu za simu au hata kwenye karatasi, kisha ulihamishe. Ukiufuta ujumbe ulioutuma, alama inabaki kwamba palikuwa na ujumbe ukafutwa. Ukitaka kuurekebisha una dakika 15 tu, na hapo pia alama hubaki. Kwa hiyo tuma kitu kilichokamilika, mara moja.

Usitume sauti. Najua vijana wengi siku hizi wanaona kuandika ni tabu, lakini sauti ina pumzi, ina mtetemo, ina ule ukimya wa mtu anayezuia kilio. Inambebesha msikilizaji huzuni yako hata kama maneno yako ni mema. Na ukipiga simu unamlazimisha ajibu hapohapo bila kujiandaa. Aliyekuandikia, mwandikie.

## Hatua ya 3: Jenga jibu lenyewe

Hapa ndipo penye kazi, tutulie. Kijana alinionyesha alichotaka kutuma. La kwanza lilikuwa neno moja: "Sawa." Nilimwambia asitume. "Sawa" peke yake, baada ya mtu kukueleza kwa kirefu, inasomwa kama mlango uliofungwa kwa kishindo. Dada angelala akijiuliza amemkosea nini.

La pili lilikuwa hili, nalinukuu lote kwa sababu makosa yake ndiyo ya watu wengi:

> Sawa nimekuelewa, ila naomba unieleze kitu kimoja, nilikosea wapi? Au kuna mtu mwingine? Mimi nilikuwa na nia ya dhati, hata mama nilishamwambia. Lakini haina shida, nitasubiri, huenda Mungu akabadilisha moyo wako. Wewe ni mwanamke wa tofauti sana.

Ukilisoma haraka linaonekana la upole. Hakuna tusi, hakuna hasira. Lakini tazama kila kipande kinamfanyia nini msomaji wake.

"Nilikosea wapi" inamtaka atoe sababu, na sababu ya mtu kutompenda mtu mara nyingi haipo. Akijitahidi kuitafuta, ama atakudanganya ili kukupoza, ama atasema kitu kitakachokuchoma miaka. "Kuna mtu mwingine" ni kuingia chumbani kwake bila hodi. Awe yupo au hayupo, jibu lake halibadiliki. "Hata mama nilishamwambia" ndiyo nzito kuliko zote, ingawa kijana aliiandika bila nia mbaya. Inamwambia dada kwamba sasa amemkataa na mama mzazi, na kwamba akikutana naye sokoni atakuwa na deni. "Nitasubiri" inamnyima raha: kila mara atakapokusalimia kwa tabasamu ataogopa umehesabu tabasamu lile kuwa matumaini. Na kumtaja Mungu hapo, kwa mtu mcha Mungu, ni kumuegemezea mzigo asioweza kuukataa kwa adabu. Watu wa Pwani tunasema "haikuandikwa" na tunatulia, na hilo ni neno jema. "Huenda ikaandikwa kesho" ni jambo jingine.

Sifa za mwishoni nazo zina mahali pake, na mahali pake si hapa. Baada ya mtu kukataa, kumwambia ni wa tofauti sana ni kuanza kumtongoza upya.

Nilimpa kipimo kimoja, nawe nakupa: jibu lisiwe na alama ya kuuliza hata moja. Ukiona umeandika swali, lolote lile, lifute. Swali linadai jibu, na yeye ameshajibu. Kipimo hiki peke yake kinaondoa nusu ya makosa.

Kinachobaki ni mambo matatu. La kwanza, kwamba umeelewa. La pili, kwamba unamshukuru kwa kusema wazi na kwamba hajakukosea. La tatu, nini kitaendelea baina yenu kuanzia kesho, kwa ukweli, bila kuahidi usichokiweza. Kijana aliandika tena, na hili ndilo alilolituma Jumapili saa 2 asubuhi:

> Mjumbe, habari za asubuhi. Nimesoma na nimekuelewa. Asante kwa kunijibu wazi na kwa heshima, najua si jepesi kuliandika. Hujanikosea, usijisikie vibaya kwa ajili yangu. Siku hizi mbili tatu nitakuwa kimya kidogo, si kwa hasira, nataka tu nitulie. Mambo ya kamati yaende kama kawaida, na tukionana tutasalimiana kama siku zote. Jumapili njema.

Tazama alivyoanza. Amemwita "mjumbe", jina walilokuwa wakiitana kabla ya ile Ijumaa. Jina la kumwitia ndilo jambo la kwanza atakalolisoma, nalo hupima hasira. Kama ulikuwa unamwita kwa jina lake, mwite hivyohivyo. Ukigeuka ghafla ukaandika "Dada yangu" kwa mtu ambaye hujawahi kumwita dada, hata kama yeye amesema anakuona kaka, utasikika unambeza. Na kama ulishaanza kumwita "mpenzi" au "mahabuba", hayo yaishe leo, kimyakimya, bila kutangaza kwamba umeyaacha.

Tazama pia alivyolisema lile la kuwa kimya. Hakujidai kwamba hakuumia. Dada angejua ni uongo, na uongo huo ungemfanya awe na wasiwasi kwa kila kitu kingine. Lakini hakumbebesha maumivu yale, kwa kuwa ameweka sababu na muda hapohapo, asije akaona siku tatu zimepita bila utani kwenye kundi la kamati akadhani amenuniwa. Kisha akataja vitu viwili vinavyoonekana, yaani kamati na salamu, badala ya kuahidi urafiki mkubwa. Mtu akisema "tutakuwa marafiki milele" asubuhi baada ya kukataliwa hajajua anachokisema. Akisema "tutasalimiana", hilo analiweza, na lile analoliweza ndilo litamjengea jina.

Urefu nao: sentensi saba au nane fupi zinatosha. Yeye aliandika sita. Ukimrudishia ukurasa mzima umegeuza jibu kuwa hotuba, na katika hotuba ndefu lazima litaponyoka neno.

## Hatua ya 4: Amua urafiki unaouweza, kisha useme huo

Ameomba urafiki. Huna lazima ya kuukubali wote, wala huna lazima ya kuukataa. Hiari yashinda utumwa kwa pande zote mbili. Yeye ana hiari ya kutokupenda, nawe una hiari ya kutokuwa mtu wa kupigiwa simu kila usiku kusikiliza habari zake.

Kama mlikuwa marafiki wa miaka na urafiki wenyewe una thamani kwako, andika kama alivyoandika fundi. Kama unajua kabisa kwamba kukaa karibu naye kutakutesa, sema kwa upole na usimwachie kitendawili:

> Nimekuelewa na nakushukuru kwa kunieleza. Nikiwa mkweli nami, urafiki wa karibu kwa sasa sitauweza, ningekuwa nakudanganya. Naomba nikae pembeni. Si ugomvi, na popote tutakapokutana salamu yangu iko palepale.

Hili si jibu la ukali. Linamheshimu kuliko kukubali urafiki mdomoni huku moyoni unasubiri aachwe na mwingine. Huo wa kusubiri ndio unaoharibu watu. Unamsindikiza, unamtumia vocha, unamtengenezea feni ya kwao, na siku akija na mchumba unalipuka kwa hasira ya mtu aliyedhulumiwa, wakati yeye alishakwambia tangu mwanzo. Kujipima ni rahisi: jiulize kama habari ya uchumba wake, ikija mwezi ujao, utaweza kuipokea kwa "hongera" na ukalala. Kama huwezi, kaa pembeni kwanza.

Dada aliyemwambia mwanamume naye akajibiwa hivi ana jambo la ziada. Kwetu watu bado ni wepesi kusema mwanamke "alijipeleka", na hofu ya aibu inaweza kumsukuma ajifanye alikuwa anatania: "Mbona umechukulia kwa uzito, nilikuwa nakupima tu." Usiandike hivyo. Unaidharau nia yako, naye atajua. Kwako wewe lipo ombi moja ambalo ni halali kabisa:

> Ujumbe wako nimeupata, na nashukuru umekuwa muwazi. Nilikwambia kwa sababu lilikuwa la kweli, sijutii kusema. Naomba tu lisitoke baina yetu. Sina kinyongo nawe.

Kuomba siri si kujidhalilisha, na mwanamume mwenye malezi ataitunza. Kama ameshasema na wenzake barazani kwenye kahawa, umejua urafiki wake una thamani gani.

## Hatua ya 5: Kama amekwambia uso kwa uso

Hapo huna saa moja ya kufikiri, kwa hiyo yapunguze maneno. Sentensi mbili zinatosha: "Nimekuelewa. Asante kwa kuniambia mwenyewe." Usiongeze kitu. Kama koo limekaba, sema "nimekuelewa" peke yake, mengine utayaandika kesho.

Mwili ndio utakaosema zaidi. Kama mlikuwa mnatembea Raskazone upepo wa jioni, usigeuke ukaondoka. Malizia matembezi kwa mwendo uleule, mfikishe alipokuwa anakwenda, msubirie bajaji, msemeshe kidogo jambo la kawaida. Kumwacha mwanamke barabarani jioni kwa sababu amekukataa ni kitu kitakachosimuliwa. Kama mmeagiza chakula, kuleni, na kama wewe ndiye uliyealika, lipa bila kukunja uso. Usimshike mkono wala bega kumwomba afikirie upya. Na kama yeye ndiye anayetokwa na machozi, usiyatumie machozi yake kufungua mjadala. Mwambie hajafanya kosa, umsindikize.

## Hatua ya 6: Kama jibu limepitia kwa mtu wa kati

Huku kwetu mara nyingi jibu huja kwa shoga yake, binamu, au shangazi: "Mwenzio anasema anakuheshimu kama kaka, tafadhali usimwelewe vibaya." Jibu kwa njia ileile lilikopitia. Ukiruka ukampigia mwenyewe kuhakikisha, umemdharau aliyetumwa na umemsumbua aliyetuma. Mwambie mtu wa kati: "Mwambie ujumbe nimeupata, nimeupokea vizuri, na namshukuru." Useme kwa sauti ya kawaida, kwa kuwa sauti na uso wako vitasimuliwa pamoja na maneno.

Posa rasmi iliyopelekwa na wazee ni mambo mengine. Hapo jibu hurudishwa na wazee wenyewe, na kijana hapaswi kuandika chochote pembeni.

## Hatua ya 7: Siku kumi zinazofuata

Jibu zuri huharibiwa na mambo madogo yanayofuata, na kubwa kuliko yote ni mafumbo. Mtu ameandika vizuri asubuhi, jioni anaweka kwenye hali yake ya WhatsApp kipande cha taarabu ya kuchamba, au maneno ya kanga kuhusu wasioshukuru. Yeye ataona, na rafiki zake wote wataona. Mji huu umekulia kwenye mipasho, na hakuna atakayeuliza kanga ile inamsema nani. Siku kumi usiweke kitu chochote cha mapenzi hapo, kiwe cha huzuni au cha furaha. Hata picha ya kujionyesha kwamba umeshapata mwingine ni fumbo.

La pili ni masimango. Uliyompa ulimpa. Doti ya kanga, hela ya nauli, ile simu uliyomtengenezea kioo, yote yamekwisha. Usidai, usiorodheshe, usiseme hata kwa utani "na ile kanga uivae basi". Ukimsimanga mtu kwa kitu ulichompa ukiwa unamtaka, unakiri kwamba ulikuwa unanunua. Ulichomwazima ni tofauti, unaweza kukiomba, ila ngoja wiki mbili tatu na uombe kama unavyomwomba mtu yeyote.

La tatu ni kumpeleleza kupitia wengine. Ukimuuliza shoga yake "hivi ana mtu?", swali hilo litamfikia kabla ya magharibi.

Salamu usiikate. Waislamu, ambao ni wengi hapa, tumefundishwa kwamba si halali kumhama nduguyo zaidi ya siku 3, mkakutana huyu akageuka huku na yule akageuka kule. Wala salamu haidai mazungumzo. "Habari za leo" na "nzuri, salama" mkipishana kwa baiskeli zinatosha kabisa.

Kikao cha kwanza cha kamati kilikuwa Alhamisi, siku 4 baada ya ujumbe. Tulishakubaliana na kijana afike mapema kidogo, asije akaingia wakati watu wote wameshakaa wanamtazama. Dada alipoingia, kijana ndiye aliyetangulia: "Mjumbe, za tangu juzi?" Akajibiwa nzuri. Kisha akamwambia jambo la kazi, kwamba mwenye jenereta anataka nusu ya malipo kabla ya Jumamosi, je, michango imefikia wapi. Hilo la kazi lilisaidia sana, kwa sababu liliwapa wote wawili kitu cha kuzungumza kisichowahusu. Kikao kilipokwisha hakumsindikiza hadi kwenye bajaji kama zamani. Aliaga wote pamoja, akaondoka. Adabu ya mwanzoni ni hiyo: salamu ile ile, kazi ile ile, na yale ya faragha yapumzike mpaka yeye mwenyewe ayafungue.

## Utajuaje umekosea, na ufanye nini

Angalia majibu yake. Kama aliyekuwa akikujibu kwa sentensi sasa anakujibu kwa "sawa" na "asante" tu, kama ameacha kuja kikaoni akijua utakuwepo, kama anatembea na mdogo wake kila mkikutana, basi kuna kitu kwako kinamtisha au kinamchosha. Mara nyingi ni wingi wa ujumbe. "Umeamkaje" ya kila asubuhi ambayo kabla hukuwa ukiituma si urafiki, ni kubisha hodi ileile kwa mkono mwingine.

Dawa yake ni ujumbe mmoja, kisha kimya: "Naona nimekuwa nikikuandikia sana. Samahani, nimeacha, na huna haja ya kunijibu." Maneno hayo ya mwisho ni muhimu kuliko msamaha wenyewe. Baada ya hapo usimwandikie mpaka aandike yeye.

Kama uliandika matusi au vitisho, usitafute maneno ya kupamba. Omba radhi mara moja, kwa maandishi, usiombe kuonana. Na ujue kwamba hapo umeshatoka kwenye adabu umeingia kwenye sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kuwa kosa kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtesa moyo. Kusambaza picha zake au mazungumzo yenu ili kumuaibisha kunaweza pia kukufikisha kituo cha polisi.

## Watu wakiuliza

Watauliza. Kamati nzima ilikuwa imeshaona dalili. Andaa sentensi moja na uirudie kwa kila mtu bila kubadilisha: "Tulizungumza, tumeelewana, ni mtu ninayemheshimu." Usiongeze kwamba yeye ndiye aliyekataa, wala usijifanye wewe ndiye uliyeacha. Mwenye kung'ang'ania mwambie tu kwamba mengine ni ya wawili.

Na ikitokea, baada ya miezi, yeye mwenyewe akaja akasema mawazo yamebadilika, usiridhike na dalili. Msikilize aseme kwa maneno yaliyo wazi kama yale aliyokukatalia nayo, na hapo ndipo unaporuhusiwa kuuliza swali. Lakini usiishi ukiisubiri siku hiyo. Fundi wetu aliwasha taa za harusi ile zikawaka mpaka alfajiri, akamkabidhi mweka hazina risiti ya jenereta mkononi, wakahesabu chenji pamoja mbele ya mwenyekiti, na bado wanaitana "mjumbe".